Sema Nusu, Asikie Yote: Kuchombezana kwa Meseji Bila Kupiga Chuku

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie meseji za kuchombezana, nami nimechagua kuwazungumzia watu wa aina moja tu: wale ambao wakiandikiwa "wewe ni malaika uliyeshushwa kwa ajili yangu" huweka simu chini, wasijue wajibu nini. Pengine wewe ni mmoja wao, au umempenda mmoja wao na kila unachomwandikia kinarudishiwa "asante" yenye nukta mwishoni.

Watu hawa si wagumu wa moyo. Wanapenda kupendwa kama sisi sote. Kinachowashinda ni maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na wana sababu mbili za haki kabisa. Ya kwanza ni kwamba sifa ya chuku haina anwani. "Wewe ni jua la maisha yangu" inaweza kutumwa kwa mtu yeyote aliye hai bila kubadilishwa hata herufi moja, na mpokeaji analijua hilo. Anajiuliza ni wangapi wameipokea kabla yake. Ya pili ni kwamba sifa kubwa humtwika mtu deni. Mtu uliyefahamiana naye wiki mbili akikwambia hawezi kuishi bila wewe, utamjibu nini? Ukirudisha maneno ya uzito uleule, utakuwa umesema ambacho moyo haujafikia. Ukishukuru tu, utaonekana baridi. Ukinyamaza, umemuumiza. Kila mlango una shida, na aliyekufikisha hapo alidhani anakufurahisha.

Kusema pungufu, yaani kulisema jambo kwa kipimo kidogo kuliko lilivyo, kunaondoa shida zote mbili. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao uchunguzi wao kuhusu adabu katika lugha mbalimbali ulitoka mara ya kwanza mwaka 1978, waliliweka jambo hili katika orodha ya njia za kufikisha ujumbe bila kuutamka waziwazi. Faida waliyoiona ni kwamba mpokeaji hubaki na uhuru wa kuchagua aipokee kauli kwa maana ipi. Katika kuchombezana, uhuru huo una thamani kubwa. Anayetaka kusikia mapenzi atayasikia, na asiyekuwa tayari atajibu utani kwa utani, urafiki ukabaki salama, bila aliyekataliwa na bila aliyekataa.

Sasa tuangalie linavyofanya kazi. Meseji ya namna hii ina vitu viwili: tukio kubwa na neno dogo. Tukio ni la kweli na wote wawili mnalijua. Neno ni dogo kuliko tukio linavyostahili. Msomaji anaiona nafasi iliyoachwa katikati, anaijaza mwenyewe, na anachokijaza ndicho ulichotaka kumwambia. Tazameni hii:

"Nilipanga kukaa nusu saa. Nimetoka saa tano usiku. Nadhani mpango wangu ulikuwa na kasoro ndogo."

Hakuna neno hata moja la mapenzi hapo. Lakini saa zimetajwa, na mwenye macho haambiwi tazama. Msomaji amehesabu mwenyewe muda uliopita, akajua sababu yake ni nani. Na kwa kuwa amehesabu mwenyewe, hana wa kumshuku kwamba ametia chumvi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani siri iko kwenye neno dogo, kwa hiyo wanaandika maneno madogo matupu. "Wewe si mbaya." "Uko sawasawa." Hayo bila tukio nyuma yake ni dharau tu, kwa sababu msomaji hana kikubwa cha kulinganisha na hicho kidogo ulichompa. Mwambie mtu "jioni ile haikuwa mbaya" kisha unyamaze, naye ataamini kwamba haikuwa mbaya, basi. Mwambie "Jioni ile haikuwa mbaya. Nimewasimulia watu wanne, wawili hawakuniuliza," na maana imegeuka kabisa. Sentensi ya kwanza ni ileile. Ya pili ndiyo iliyoleta tukio.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwandishi ni kutafuta tukio. Kabla hujaandika chochote jiulize: tangu nikutane na mtu huyu, nimefanya nini ambacho si kawaida yangu? Nimechelewa kulala? Nimerudia kusoma meseji yake? Nimejikuta napita njia ndefu ili mazungumzo yasiishe? Jibu lolote la kweli litakufaa. Dada mmoja akiandika "Meseji yako nimeisoma mara moja tu. Hizo mara nyingine nne nilikuwa nakagua tahajia," amekiri kila kitu, na heshima yake iko palepale. Ila awe kweli ameirudia. Tukio la kubuni huchoka haraka, kwa sababu siku moja mtaulizana.

Kazi ya pili ni kuchagua kitakachopunguzwa. Kwangu mimi hii ni kanuni isiyo na mjadala. Punguza hisia zako, mpango wako, hukumu yako, msimamo wako. Usimpunguze yeye. Usiuguse mwili wake, kazi yake, elimu yake wala watu wa kwao. "Nilidhani nitaweza kuondoka mapema, sikuweza vizuri sana" inakupunguza wewe aliyeshindwa. "Leo umejitahidi kupendeza" inampunguza yeye, na hata ukiitia vicheko kumi nyuma itabaki kidonda. Watu wanaosema hawapendi utani wa namna hii mara nyingi walikutana na huu wa pili, wakaambiwa ndio ule wa kwanza.

Kazi ya tatu ni ndogo lakini ina nguvu: liweke neno dogo mwishoni. Katika lugha yetu neno la mwisho la sentensi ndilo linalobaki masikioni. "Nimekukumbuka, kidogo" ina uhai kuliko "Kidogo nimekukumbuka." "Nitakuja, nikilazimishwa" inachekesha, ilhali "Nikilazimishwa nitakuja" ni sharti tu. Ukishaliweka, acha. Usiongeze "hahaha", usieleze, usipange sura tatu za kucheka. Utani wa watu hawa haujicheki wenyewe, na ukianza kuufafanua umemwambia msomaji kwamba humwamini kuwa ataelewa.

Niwaonyeshe yote haya katika kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni kisa cha mfano, nimekitunga ili tuone hatua zake.

Kijana na binti wamekutana kwenye mkusanyiko wa rafiki yao. Wamebishana karibu jioni nzima kama vitabu vipangwe rafuni kwa urefu au kwa majina ya waandishi. Binti anashikilia urefu, tena kwa moyo wote. Kijana hakubaliani naye hata kidogo, lakini ameachwa na usafiri aliokuwa ameahidiwa kwa sababu hakutaka kukatiza mabishano. Usiku binti anaandika: "Nimefika salama. Asante kwa mazungumzo."

Kijana anaandika rasimu ya kwanza, ile inayokuja kirahisi: "Siwezi kuacha kukufikiria. Sijawahi kukutana na mwanamke kama wewe. Uzuri wako umeniteka." Kila neno la rasimu hiyo huenda ni la kweli kwake. Lakini hakuna vitabu humo, hakuna usafiri uliopotea, na binti mwenyewe hayumo. Angeweza kuituma kwa yeyote aliyekuwepo pale.

Anaifuta na kujiuliza, nimefanya nini jioni hii kisicho kawaida yangu? Jibu liko wazi: nimeachwa na usafiri huku nikibishana kuhusu rafu. Rasimu ya pili inakuja hivi:

"Nami nimefika, kwa kuchelewa. Usafiri uliniacha wakati unaeleza hoja yako ya tatu. Hoja yenyewe bado naikataa."

Hii nayo haijakamilika, na ni vizuri kuona kinachopungua. Tukio lipo, utani upo, ila joto halipo. Binti anaweza kuisoma kama lawama: nimemchelewesha, na bado ananipinga. Kwa hiyo kijana anaongeza sentensi moja yenye joto, naye anaipunguza vilevile:

"Nami nimefika, kwa kuchelewa. Usafiri uliniacha wakati unaeleza hoja yako ya tatu. Hoja bado naikataa, ila naweza kuisikiliza tena, nikilazimishwa."

Sasa kila kitu kiko mahali pake. Usafiri ni tukio, "bado naikataa" inaendeleza mchezo wao wenyewe, na "nikilazimishwa" ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Pia imempa binti kitu cha kushika, jambo ambalo "uzuri wako umeniteka" haikuwa nalo. Binti anajibu:

"Ukilazimishwa na nani?"

Hapa ndipo wachombezaji wengi wa kimyakimya wanapoharibu kazi nzuri. Wamezoea kupunguza, kwa hiyo wanapunguza na mwaliko: "Tutaona." "Siku moja Mungu akipenda." "Labda tukikutana." Binti anabaki hajui kama ameitwa au hakuitwa, na baada ya meseji tatu za namna hiyo anaamini kwamba hakuitwa. Punguza hisia, usipunguze mwaliko. Siku, saa na mahali viandikwe wazi kama unavyomwandikia mtu wa ofisini. Kijana wetu anaandika:

"Na wewe. Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kama una nafasi. Mahali uchague wewe, pasiwe na rafu."

Utani umebaki mwishoni kabisa, na mwaliko umesimama kwa miguu yake. Akisoma tu siku na saa, anajua anachoulizwa na anaweza kukubali au kukataa bila kukisia.

Huenda mnajiuliza, je, asipoelewa? Hofu hiyo ni ya haki. Sauti hubeba nusu ya utani, na meseji haina sauti. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walituma kwa barua pepe sentensi za kejeli na sentensi za dhati, kisha wakatabiri kama wapokeaji wangezitofautisha. Watumaji walitarajia wapokeaji wapatie karibu asilimia 78. Walipatia karibu asilimia 56, ambayo haiko mbali na kubahatisha kwa kurusha sarafu. Sababu waliyoieleza ni hii: anayeandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani wakati anaandika, na husahau kwamba msomaji haisikii.

Majaribio yale yalihusu kejeli, yaani kusema kinyume cha unachomaanisha. Kusema pungufu ni salama zaidi kidogo, kwa sababu unasema jambo lilelile kwa kipimo kidogo. "Mpango wangu ulikuwa na kasoro ndogo" hata akiichukua neno kwa neno haitamuumiza. Lakini "Umenipotezea usiku mzima, hongera" akiichukua neno kwa neno umepoteza mtu. Kwa hiyo kabla ya kutuma, fanya jaribio hili: isome meseji yako kama ingekuwa imeandikwa na mtu asiyekupenda. Ikiwa hata hivyo haina tusi, itume. Ikigeuka tusi, hiyo ni kejeli, na kejeli subirini mpaka mtakapozoeana kiasi cha kusikiana sauti hata kwenye maandishi.

Ikishakwenda vibaya utajua kwa jinsi anavyojibu. Mtu aliyeelewa hurudisha mpira: anauliza swali la kichokozi, anaongeza mzaha juu ya mzaha wako, au anajifanya amekasirika kwa namna inayoonekana wazi. Mtu ambaye hakuelewa huomba radhi, au hujieleza. "Samahani, sikujua nimekuchelewesha." Ukiona radhi, acha utani papo hapo. Usiandike "natania tu", kwa sababu maneno hayo humfanya yeye aonekane mzito wa kuelewa. Sema jambo lenyewe kwa lugha nyoofu: "Hapana, nilifurahi kuchelewa. Nilitaka kukaa zaidi." Sentensi mbili zinatosha, na mara nyingi ndizo zitakazomgusa kuliko zote ulizotuma.

Kuna nyakati ambazo namna hii ya kuandika haifai kabisa, nami nawaomba mzishike. Mwenzako akiwa mgonjwa, akiwa na msiba, akiwa ameachishwa kazi, au akiwa ndio kwanza amekufungulia jambo linalomuuma, usipunguze chochote. Mtu akikuandikia "leo nimelia sana," kisha wewe ukajibu "naona siku haikuwa bora kuliko zote," umemfunga mdomo kwa muda mrefu. Mwandikie unachokihisi, kwa maneno ya kawaida, na umuulize kama anataka umpigie.

Kisha kuna suala la kukataliwa, na kwa watu wa aina hii linahitaji jicho makini, kwa kuwa wasiopenda maneno makubwa hukataa nao kwa maneno madogo. Hataandika "sikutaki." Ataandika "Wiki hii nina mambo kidogo." Utamsomaje? Tazama kama ametaja siku nyingine. Mtu anayetaka kuonana nawe akishindwa Alhamisi hutaja Jumamosi, au husema "wiki ijayo nitakuwa huru" bila kuulizwa. Asipotaja, unaweza kuuliza mara moja tu, waziwazi, bila utani: "Ningependa tuonane. Ukiwa hutaki ni sawa, niambie tu." Utani hapa ungemnyima nafasi ya kujibu kweli, kwa kuwa angelazimika kucheka kwanza. Jibu likiwa hapana, au kusiwe na jibu, acha. Usitume mzaha wa tatu ukidhani kwamba mlango umefungwa kwa sababu hukuchekesha vya kutosha.

Na anayekubali je? Tuseme Alhamisi imefika, mmekutana, miezi imepita na mnaandikiana kila siku. Hapa kunakuja hatari ambayo watu hawaitarajii. Utani wa kusema pungufu unakuwa makazi. Kila hisia inapitishwa kwenye mzaha, na mmoja wenu anaanza kujiuliza kimoyomoyo kama kuna kitu chochote nyuma ya mzaha huo. Nimewasikia wanandoa wakisema, "Ananichekesha sana, lakini sijui kama ananipenda." Hata mtu asiyependa maneno mengi anahitaji kusikia yale machache. Alichokikataa ni wingi na chumvi, hakukataa kuambiwa.

Kwa hiyo mara mojamoja andika sentensi moja isiyo na utani wowote. Iwe fupi na ya sasa hivi. "Nimekukumbuka." "Nilijivunia wewe leo ulivyomjibu yule mtu." "Nafurahi tukiwa pamoja." Isiwe na neno dogo mwishoni, wala tamathali za usemi. Kwa kuwa hukuyatumia ovyo maneno yako, mwenzako ataiona tofauti yake na zilizotangulia kabla hajamaliza kuisoma. Itume akiwa na muda wa kuisoma kwa utulivu, si katikati ya mabishano wala ya kupangiana safari. Na ukishaituma, usiharakishe kuifuata na mzaha wa kuipunguza makali, hata kama dakika zinapita na yeye ameshaisoma. Mwache naye atafute maneno yake. Wengine watajibu kwa sentensi nyoofu kama yako. Wengine, na hasa wale tuliowazungumzia jioni hii, watajibu "Nami pia, kidogo," na ninyi mnajua sasa namna ya kuisoma hiyo. Karibuni kwa maswali.